Ndimu, manjano na sabuni tatu: kupanga somo la asidi na besi bila maabara

Shati jeupe likidondokewa mchuzi wenye manjano, doa lake ni la njano. Likipakwa sabuni ya kipande, doa hilo hugeuka jekundu kama tofali mbele ya macho ya anayefua. Likisuuzwa kwa maji mengi, au likikamuliwa ndimu, hurudi kuwa la njano. Hakuna kilichoharibika wala damu iliyomwagika. Kiini cha rangi ya manjano, kiitwacho kurkumini, hubaki njano kwenye asidi na kwenye maji ya kawaida, kisha huwa chekundu kwenye besi, kuanzia takriban pH 8 kwenda juu.

Mwalimu wa Sayansi Jumuishi wa Gredi ya 7 anayefika kwenye mada ya asidi, besi na viashiria hapa Nairobi huwa tayari ana somo hilo jikoni kwake. Kwa kawaida huandaa ndimu upande mmoja na sabuni upande wa pili, awaonyeshe wanafunzi kwamba moja ni asidi na nyingine ni besi. Ndimu haimwangushi kamwe, maana maji yake huwa na pH ya 2 hadi 2.6, na kiashiria chochote cha asidi hulitambua hilo. Sabuni ndiyo inayomwaibisha. Anamimina sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, karatasi ya manjano inabaki njano, na darasa zima linaandika kwenye daftari kwamba sabuni si besi. Wameandika walichokiona, na walichokiona ni kweli. Kosa lilikuwa la neno "sabuni", ambalo kwa Kiswahili cha nyumbani linabeba vitu vitatu tofauti kabisa.

Kwa hiyo badala ya kulikimbia tatizo hilo, somo zuri hulifanya kuwa swali lake kuu: je, sabuni zote ni besi?

Sabuni tatu ni zipi

Sabuni ya kipande, ile ya mche inayokatwa dukani, ni sabuni kwa maana ya kikemia. Imetengenezwa kwa kuchemsha mafuta, mara nyingi ya mawese au ya wanyama, pamoja na soda kali. Zao lake ni chumvi ya sodiamu ya asidi ya mafuta. Asidi ya mafuta ni asidi dhaifu, ndiyo maana chumvi yake ikiingia majini hunyakua ioni za haidrojeni kutoka kwa maji yenyewe na kuacha ioni za haidroksidi zikielea. Hapo ndipo besi inapotokea, na pH ya maji hayo huwa kati ya 9 na 10 hivi.

Sabuni ya unga ya kufulia ni ditajenti iliyochanganywa na kaboneti ya sodiamu. Ditajenti yenyewe ni chumvi ya asidi ya salfoniki, ambayo ni asidi kali, kwa hiyo haina hamu ya kunyakua haidrojeni. Ubesi wote wa sabuni ya unga unatoka kwenye ile kaboneti, na mara nyingi unauzidi ule wa sabuni ya kipande.

Sabuni ya maji ya vyombo ni ditajenti tu, bila kaboneti ya kutosha kuipandisha pH. Watengenezaji huisawazisha makusudi iwe karibu na 7 ili isiumize mikono.

Tofauti hii inaonekana kwa macho, bila kifaa chochote, kwa hatua mbili tu. Ya kwanza ni karatasi ya manjano. Ya pili ni ndimu: ukiidondosha kwenye sabuni ya kipande, haidrojeni ya ndimu inarudi mahali pake kwenye ile chumvi, na asidi ya mafuta inazaliwa upya. Asidi ya mafuta haiyeyuki majini. Maji yanakuwa meupe kama maziwa, mabonge madogo yanapanda juu, na povu linakufa. Kwa kutumia asidi ya steariki kama mfano:

C17H35COO⁻ + H⁺ → C17H35COOH

Kwenye ditajenti hilo halitokei, kwa sababu asidi ya salfoniki hubaki imeyeyuka hata ikiwa ndani ya ndimu. Povu linaendelea kuwepo. Ukiwa na majibu ya hatua hizo mbili unaweza kuzitenganisha sabuni tatu zisizo na lebo, na hilo ndilo jukumu ambalo wanafunzi wanapaswa kupewa.

Karatasi za manjano

Hizi huandaliwa siku moja kabla. Kurkumini haiyeyuki vizuri majini, kwa hiyo kuloweka manjano kwenye maji hutoa tope la njano lisilo na faida. Chukua nusu kijiko cha chai cha unga wa manjano halisi (si bizari iliyochanganywa ya pilau), utie kwenye chupa ndogo pamoja na mililita 30 za spiriti ya duka la dawa isiyo na rangi. Spiriti ya zambarau haifai, kwani rangi yake itaingia kwenye karatasi. Tikisa kwa dakika moja, acha itulie dakika 10, kisha chukua maji ya juu yaliyo safi. Kazi hii ifanyike mbali na jiko, maana spiriti hushika moto kwa mvuke wake.

Karatasi inayofaa ni ya kuchujia kahawa au serviati nyeupe nene isiyo na manukato. Karatasi ya kuchapishia huwa na chaki ya kaboneti ya kalsiamu ndani yake ili ing'ae, na chaki hiyo hula asidi kidogo kabla kipimo hakijaanza. Chovya, kausha kivulini, kata vipande vya sentimita 1 kwa 5, uviweke ndani ya bahasha. Mwanga wa jua hufifisha kurkumini, na karatasi zilizoachwa dirishani wiki nzima zitakuwa zimepauka.

Karatasi hii ina mpaka wake, na mwalimu asipoutaja atawafundisha wanafunzi kosa. Ikigeuka nyekundu, kitu hicho ni besi. Ikibaki njano, kitu hicho si besi ya kutosha, na hapo ndipo ujuzi wake unapoishia: kinaweza kuwa ndimu au maji ya kunywa, nayo haitakwambia. Vilevile soda ya kuokea, yenye pH ya 8.3 hivi, huiacha kwenye rangi ya machungwa ambayo nusu ya darasa itaiita njano na nusu nyekundu. Ukitaka besi ya nyumbani ya kulinganishia isiyo na ubishi, tumia magadi yale yanayotiwa kwenye mboga na maharagwe. Magadi ya Ziwa Magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na baikaboneti ya sodiamu, na robo kijiko cha chai ndani ya kikombe cha maji hugeuza karatasi papo hapo.

Kwa swali la "asidi au la" kunahitajika kiashiria cha pili, na kabichi ya zambarau inatosha. Katakata majani mawili makubwa, yamwagie mililita 250 za maji yaliyotoka kuchemka, yaache dakika 15, uchuje kwa kichujio cha chai. Chombo kiwe cha kioo, plastiki au chuma kisichoshika kutu. Sufuria ya alumini, ambayo ndiyo iko katika kila nyumba, huweza kuachia ioni za alumini zinazoshikana na rangi ya kabichi na kuivuta kuelekea buluu hata pasipo besi. Maji hayo huwa mekundu kwenye ndimu, zambarau kwenye maji ya kawaida, buluu kisha kijani kadiri ubesi unavyopanda. Bila friji hudumu siku moja au mbili. Yakianza kunuka uchachu na kuwa na wekundu yenyewe, bakteria wameshatengeneza asidi ndani yake na hayafai tena.

Bitiruti watu huijaribu kwa sababu ni ya bei nafuu na rangi yake inavutia. Iachwe. Rangi yake ni ya jamii nyingine na hubaki ileile nyekundu kutoka kwenye ndimu hadi kwenye sabuni. Hugeuka njano tu kwenye besi kali sana ambazo hazifai kuletwa darasani.

Maji nayo yapimwe

Kabla ya kupima kitu chochote, pima maji utakayoyeyushia. Maji ya bomba ya jiji, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini na vyanzo vingine vya milima ya Aberdare, ni maji laini yenye chumvi chache, nayo hufaa. Shule nyingi hata hivyo zinategemea kisima kirefu, na maji ya visima vya Nairobi mara nyingi yana baikaboneti ya sodiamu inayoyafanya yaelekee besi. Yakitiwa maji ya kabichi huwa ya buluu kabla sabuni haijaingia. Mwanafunzi atakayeona buluu kwenye kikombe cha sabuni ya vyombo atasema ni besi, kumbe anasoma kisima. Ikiwa ndivyo ilivyo, nunua lita 3 za maji ya chupa kwa somo hilo, na kikombe cha maji matupu kiwe mezani mwa kila kikundi kama cha kulinganishia.

Darasa la wanafunzi 48

Tuchukue darasa la wanafunzi 48 katika vikundi 8 vya watu sita, lenye vipindi viwili vilivyofuatana vya dakika 40.

Sabuni ya kipande ikatwe kipande cha sentimita 1 kwa 1 kwa 3, ambacho ni gramu 3 hivi. Chagua nyeupe au ya rangi ya maziwa. Ya buluu huficha rangi ya kiashiria. Iparuze kwa greta, uiyeyushe ndani ya mililita 300 za maji moto ukikoroga polepole bila kutikisa, ili povu lisijae. Kazi hii ifanyike asubuhi ya siku ya somo, na maji yaletwe darasani yakiwa vuguvugu. Hapa ndipo wengi huteleza, hasa mwezi wa Julai. Chumvi za asidi ya mafuta hupungua uwezo wa kuyeyuka maji yanapopoa, na myeyusho ulioachwa usiku kucha kwenye baridi ya Nairobi huamka ukiwa umegeuka mweupe, wakati mwingine mzito kama uji. Wanafunzi wakikuta weupe tayari upo, hawataweza kuona ule ulioletwa na ndimu. Ukiharibika hivyo, upashe moto tena hadi uwe angavu.

Sabuni ya unga iwe kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa ndani ya mililita 300. Ina chembe zisizoyeyuka, kwa hiyo iache dakika 20 ijitenge, umimine maji ya juu tu. Sabuni ya vyombo iwe kijiko kimoja cha chai ndani ya mililita 300 pia, na ikiwezekana isiyo na rangi ya kijani iliyokolea. Chupa tatu ziandikwe A, B na C, na mwalimu peke yake ajue ipi ni ipi.

Ndimu mbili za wastani zikamuliwe na kuchujwa hadi kupata mililita 30, ziongezwe mililita 120 za maji. Kuzimua huku kuna sababu. Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki ya asilimia 5 hadi 6, na yakitumika bila kuzimuliwa, matone machache tu yanamaliza kazi kabla mwanafunzi hajaona mwendo wake. Yakizimuliwa mara tano, hesabu inakwenda hivi. Mililita 20 za sabuni ya kipande zina gramu 0.2 za mche, na karibu theluthi mbili yake ndiyo sabuni yenyewe, sawa na milimoli 0.4 na ushei. Kila mililita ya ndimu hiyo iliyozimuliwa huweza kutoa takriban milimoli 0.12 za haidrojeni. Kwa hiyo mililita 3 hadi 4 zinatosha kuirudisha sabuni yote kuwa asidi ya mafuta. Ndimu hutofautiana kwa ukomavu, hivyo ijaribu mwenyewe mapema. Ikiwa mililita 5 hazitoshi, punguza maji.

Kila kikundi kipewe mililita 25 za kila sabuni, mililita 15 za ndimu, sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano, vikombe vinne vya plastiki angavu na vipande vinane vya karatasi.

Dakika 10 za kwanza ziende kwa utabiri, na kila kikundi kiandike kabla ya kugusa chochote: ni ipi kati ya A, B na C itageuza karatasi? Kisha wachovye. Rangi isomwe ndani ya dakika moja, kwa kuwa kurkumini huvunjika yenyewe ndani ya besi na wekundu wake hufifia. Wapo walimu wanaomimina manjano moja kwa moja ndani ya kikombe ili kuokoa karatasi. Inaonekana ni busara, lakini chembe za sabuni hulimeza manjano na rangi inayopatikana ni ya kubishaniwa. Karatasi ni bora.

Baada ya hapo mililita 20 za sabuni moja ziwekwe kikombeni na ndimu iongezwe mililita moja moja, ikikorogwa taratibu kwa kijiti. Baada ya kila mililita mambo matatu yaandikwe: rangi ya karatasi ikiguswa kwa tone moja, uangavu wa maji, na hali ya povu. Kwenye kikombe cha nne waweke sabuni A iliyobaki na kuongeza maji matupu kwa uwiano uleule, wahakikishe kwamba weupe hauletwi na kuzimua tu.

Kwenye sabuni ya kipande, karatasi huacha wekundu mapema, na weupe huanza karibu na hapo kisha hukolea kadiri ndimu inavyoendelea. Wanafunzi makini watauliza kwa nini mambo hayo mawili hayaishi pamoja. Swali hilo lina thamani kubwa kuliko jedwali zima. Karatasi hubadilika mara tu pH inaposhuka chini ya 8 hivi, ilhali bado kuna sabuni nyingi ambayo haijapata haidrojeni yake. Kiashiria hakisemi kiasi cha besi kilichobaki, kinasema tu pH imepita mpaka fulani.

Sabuni ya unga itawashangaza kwa upande mwingine. Karatasi huenda ikabaki nyekundu au ya machungwa hata mililita 5 zote zikiisha, kwa sababu kaboneti iliyomo ni nyingi kuliko asidi waliyopewa. Wasitegemee pia kuona mapovu ya gesi: ndimu iliyozimuliwa hivi huishia kuigeuza kaboneti kuwa baikaboneti, na kaboni dioksaidi haitoki mpaka hatua hiyo ipite. Mwalimu anayetaka kuonyesha gesi atumie ndimu isiyozimuliwa kwenye kijiko cha unga mkavu, mbele ya darasa.

Kwa hiyo A iliyogeuza karatasi na kuganda ni ya kipande, B iliyogeuza bila kuganda ni ya unga, C isiyofanya lolote ni ya maji. Kikundi kikipata mgando hafifu kwenye sabuni zote, sirinji au kijiti hakikuoshwa.

Visivyoletwa mezani

Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo isiwe ndani ya chumba hicho kabisa. Ikikutana na ndimu hutoa gesi ya klorini, na mwanafunzi mwenye udadisi hahitaji zaidi ya nusu dakika kuzichanganya. Soda kali na dawa ya kuzibua mabomba nazo zikae mbali. Hakuna anayeonja, hata ndimu, kwa sababu vikombe vimebadilishana. Sabuni ikiingia jichoni, lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15. Mikono ioshwe kabla ya kutoka nje, maana maji ya ndimu yakikaukia kwenye ngozi juani huweza kuibabua.

Sampuli ya nyumbani

Kipindi kinachofuata, kila mwanafunzi alete kijiko kimoja cha sabuni anayotumia nyumbani, ndani ya kichupa chenye jina la aina yake. Nyingi zitakuwa sabuni za maji zinazouzwa mitaani kwa mitungi ya lita 5. Watengenezaji wadogo huzitengeneza kwa asidi ya salfoniki wanayoisawazisha kwa soda, aghalabu kwa kukadiria. Mtungi mmoja ukizidi soda, karatasi ya manjano itakuwa nyekundu na ndimu haitagandisha kitu, kama sabuni ya unga. Mwingine ukipungua soda, karatasi itabaki njano na kabichi itakuwa na wekundu: sabuni iliyo asidi. Mwanafunzi akiipata hiyo asiambiwe amekosea. Apime tena kwa kikombe kisafi, na jibu likirudi lilelile, aliandike.